Jukwaa ni Mdaiwa Wako: Kulinganisha Malipo ya Soko la Mtandaoni na Mauzo

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wauzaji wa mtandaoni na watunza hesabu wao. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Majedwali niliyoonyesha ukutani nimeyaeleza kwa maneno.)

Ndugu zangu, habari za asubuhi.

Nianze kwa kuwaomba mnyooshe mikono. Nani hapa anauza kupitia soko la mtandaoni? Naona karibu ukumbi mzima. Haya, mkono ubaki juu kama unajua jukwaa lilikulipa kiasi gani mara ya mwisho. Bado ni mingi. Sasa ubaki juu kama unaweza kuniambia pesa ile ilitokana na oda zipi.

Mmeona? Mikono mitatu. Na mmoja ni wa mtunza hesabu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini leo sitawasema wasio na daftari. Nataka kusema na wenye daftari, wanaoandika kila siku na kila wiki, na bado mali inapotea. Inapoteaje na daftari lipo? Inapotea kwa sababu ya mstari mmoja, ule mtunza hesabu anaoandika pesa ikiingia benki: "Mauzo, 68,774."

Hiyo 68,774 si mauzo. Narudia: kilichoingia benki si mauzo. Ni masalio ya mauzo baada ya watu wengine kuchukua chao, na ndani yake mna pesa ya mwezi uliopita, na nje yake imebaki pesa ya mwezi huu.

Namba hiyo sikuitoa hewani. Kuna muuzaji mmoja, dada mchapakazi sana, aliyeniletea hesabu zake nimsaidie. Namba zake nimezirahisisha ili tuzifuate pamoja bila kikokotoo. Anauza bidhaa moja, kwa 2,000. Kuinunua kunamgharimu 1,500. Jukwaa linatoza kamisheni ya asilimia 12. Nikamuuliza, "Dada, ukiuza moja unabaki na nini?" Akajibu papo hapo, maana hesabu alikuwa nayo kichwani: 2,000 toa kamisheni 240, toa 1,500, inabaki 260. Oda hamsini kwa wiki mbili, anasema, ni kama 13,000 hivi.

Nikamuuliza, "Na hiyo 13,000 iko wapi?"

Akanyamaza. Akasema, "Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe."

Tukafungua kompyuta. Orodha yake ya oda, tarehe 1 hadi 14 Machi, ilikuwa na oda 50. Mara 2,000, ni 100,000. Benki ilikuwa imeingia 68,774. Pengo ni 31,226. Kamisheni ya asilimia 12 haiwezi kula 31,226 kati ya 100,000. Yeye alishaamini kwamba jukwaa linamwibia. Mimi nikamwambia tusimshitaki mtu kabla hatujasoma taarifa yake.

Sasa nifuateni polepole, kwa sababu kila pengo la aina hii lina tabaka, na ukilichana tabaka moja moja linaisha lenyewe.

Tabaka la kwanza ni tarehe. Orodha yako inahesabu oda siku mteja alipobonyeza kununua. Taarifa ya malipo ya jukwaa inahesabu siku mzigo ulipotumwa au kufikishwa, kutegemea jukwaa. Kwake ilikuwa siku ya kufikishwa. Kati ya oda 50, nne zilikuwa bado njiani tarehe 14, kwa hiyo hazimo. Lakini oda tatu za mwisho wa Februari zilifika mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo zimo. Hamsini toa nne, ongeza tatu, ni 49. Mauzo ya taarifa ni 98,000, si 100,000. Hakuna aliyeibiwa hapo. Ni kalenda mbili tu.

Na kwa kuwa tuko kwenye kalenda, angalieni pia saa. Baadhi ya mafaili ya taarifa yameandikwa kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa ya kulinganishia. Kama saa yenu iko mbele ya UTC, mauzo ya usiku wa manane tarehe 1 yatasomeka kuwa ya siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Nimewahi kutafuta oda mbili kwa siku nzima kumbe zimelala upande wa pili wa usiku.

Tabaka la pili ndilo makato ya kawaida. Kamisheni ya asilimia 12 kwa 98,000 ni 11,760. Ada ya usafirishaji ni 150 kwa kila oda, mara 49, ni 7,350. Tunabaki na 78,890.

Tabaka la tatu, marejesho. Wateja wawili walirudisha bidhaa, wakarudishiwa 2,000 kila mmoja. Ni 4,000 imetoka. Jukwaa likamrudishia dada yetu kamisheni ya oda hizo, yaani 480, lakini likabakiza asilimia 20 ya kamisheni hiyo kama ada ya kushughulikia marejesho. Hiyo ni 96. Kwa hiyo alichorudishiwa ni 384. Ada ya usafirishaji haikurudi hata senti. Tunabaki na 75,274.

Tabaka la nne ni matangazo. Alikuwa ameweka bidhaa yake itangazwe ndani ya jukwaa, na gharama hiyo, 2,500, haikutoka mfukoni mwake ila ilikatwa humo humo kwenye malipo. Tunabaki na 72,774.

Tabaka la tano ndilo lililomshangaza kuliko yote. Pesa iliyozuiliwa. Majukwaa mengi hushikilia sehemu ya pesa yako kwa muda, ili mteja akirudisha mzigo pesa iwepo. Katika taarifa hii jukwaa liliachia 5,000 iliyokuwa imezuiliwa tangu Februari, kisha likazuia 9,000 mpya. Ongeza 5,000, toa 9,000. Inabaki ngapi?

Naam. 68,774. Hadi senti ya mwisho.

Kwa hiyo jukwaa halikumwibia. Je, ndiyo kusema yuko salama? Hebu turudi kwenye ile 13,000 yake. Kilichopatikana kwa kazi ya wiki hizo mbili, tukiacha pesa iliyozuiliwa na kuachiwa, ni 72,774. Bidhaa zilizotoka ni 49, mbili zikarudi, 47 zikaenda moja kwa moja. Mara 1,500, gharama ni 70,500. Faida ni 2,274. Si 13,000. Na hiyo ni kama bidhaa mbili zilizorudi zinauzika tena. Moja ikirudi imevunjika, faida ni 774. Zikirudi zote mbili zimevunjika, ana hasara ya 726.

Dada akauliza, "Yaani mteja mmoja akirudisha kilichovunjika ndiyo nimefanya kazi bure?" Karibu na hapo, ndiyo. Na daftari lake lilikuwa linaonyesha nini muda wote huo? Lilionyesha "Mauzo, 68,774." Kamisheni, sifuri. Usafirishaji, sifuri. Matangazo, sifuri. Marejesho, sifuri. Angewezaje kujua kwamba kinachomla ni usafirishaji, matangazo na marejesho, ilhali hayo matatu hayakuwahi kuandikwa?

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Tunaandikaje?

Tunaanza kwa kukubali jambo moja: jukwaa ni mdaiwa wako. Limepokea pesa ya mteja wako kwa niaba yako, na linakudai ada zake. Mnakatana. Kwa hiyo lifungulie akaunti yake kwenye vitabu. Watunza hesabu wanaiita akaunti ya mpito. Mimi huiita kwa jina la jukwaa lenyewe, na anayeuza kwenye majukwaa matatu afungue tatu, asizichanganye.

Kila mauzo yanaongeza deni la jukwaa kwako, kwa bei kamili aliyolipa mteja. Kila kamisheni, ada, tangazo na marejesho yanapunguza deni hilo. Pesa ikiingia benki, nayo inapunguza deni. Haiendi kwenye mauzo! Inaenda kupunguza deni, basi.

Kuna atakayeuliza kwa nini tuandike bei kamili wakati pesa yote hatukuishika. Kiwango cha kimataifa cha mapato, IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kinauliza swali moja la msingi: nani anaidhibiti bidhaa kabla haijamfikia mteja? Kama ni wewe uliyenunua mzigo, unayepanga bei, unayebeba hasara ukiharibika, basi wewe ndiye muuzaji na jukwaa ni wakala. Mauzo yako ni 98,000, kabla ya kutoa marejesho, na kamisheni ni gharama yako. Mapato ya jukwaa ni hiyo kamisheni. Ukiandika 68,774 umejifanya wakala wa mali yako mwenyewe. Na ofisi ya kodi, ikilinganisha vitabu vyako na takwimu ilizopata kwa jukwaa, itaona mauzo yamepungua kwa karibu theluthi. Hayo maelezo utayatoa ukiwa umesimama.

Sasa tuone uzuri wa akaunti hii. Mwanzo wa Machi jukwaa lilikuwa linadaiwa 5,000, ile iliyozuiliwa tangu Februari. Tukaandika mauzo na makato yote ya taarifa, yakaongeza 72,774. Jumla 77,774. Benki ikaingia 68,774. Salio likabaki 9,000.

Na 9,000 ni nini? Ndiyo ile pesa iliyozuiliwa mpya. Salio la akaunti limekuambia kile kile ambacho taarifa imesema. Hapo umelinganisha. Hukulazimika kuandika pesa iliyozuiliwa kama gharama au kama mapato, na naomba msiiandike hivyo, kwa sababu si gharama wala mapato. Ni pesa yako ambayo bado iko mkononi mwa mwingine. Kwa wanaouza Amazon, faili la taarifa ya malipo lina mistari miwili inayosomeka `Previous Reserve Amount Balance` na `Current Reserve Amount`. Wengi huiona ile ya pili na alama ya kutoa, wakaitupa kwenye "gharama nyingine". Wiki mbili baadaye ile ya kwanza inakuja na alama ya kujumlisha, wanaitupa kwenye "mapato mengine". Mwisho wa mwaka wana gharama kubwa na mapato makubwa ambavyo havikuwahi kuwepo.

Tuendelee na marejesho, maana kwa uzoefu wangu humo ndimo vitabu vingi huvunjikia.

Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa makini kupita kiasi. Mteja akiomba kurudisha bidhaa, siku hiyo hiyo anaandika marejesho. Taarifa ya malipo ikija, anaandika yote yaliyomo, pamoja na marejesho yale yale. Kila rejesho likawa limeandikwa mara mbili. Akaunti ya jukwaa ikaanza kushuka taratibu, hadi ikaonyesha kwamba sisi ndio tunaodaiwa. Makini yake ndiyo iliyomponza. Suluhisho lilikuwa kuchagua chanzo kimoja. Ombi la mteja linabaki kwenye orodha ya ufuatiliaji, na vitabu vinaandikwa kutoka kwenye taarifa.

Na tutofautishe oda iliyofutwa na iliyorudishwa. Oda iliyofutwa kabla ya kutumwa haina mauzo wala marejesho, na kwenye taarifa nyingi haitokei kabisa. Iliyorudishwa ina mistari ya pande zote: mauzo yake yalishaandikwa, labda mwezi mwingine, kisha unakuja mstari wa kurudisha pesa, mstari wa kamisheni iliyorudi, na mstari wa kamisheni iliyobakizwa. Usivijumlishe hivi vitatu ukaandika kimoja. Rejesho la 4,000 lipunguze mauzo katika akaunti yake ya marejesho. Ile 384 ipunguze gharama ya kamisheni. Ukiyaandika kwa mkupuo kama 3,616 hutajua kamwe kiwango halisi cha bidhaa zinazorudi, na kiwango hicho ndicho kitakachokuambia bidhaa ipi uache kuuza.

Halafu kuna bidhaa yenyewe. Pesa imerudi kwa mteja, je, mzigo umerudi stoo? Hili jukwaa halikuandikii kwenye taarifa ya malipo. Inabidi mtu anyanyuke akaangalie. Mzima unarudi kwenye hesabu ya stoo kwa 1,500. Mbovu unaandikwa hasara. Usiorudi kabisa ni jambo la kudai, nitalifikia sasa hivi.

Kabla ya hapo, niwaulize: taarifa inaweza kuwa chini ya sifuri? Inaweza. Wiki ya mauzo hafifu inayofuata wiki ya mauzo makubwa, marejesho ya nyuma yanafika, matangazo yanaendelea kukata, na jumla inakuwa, tuseme, hasi 1,850. Benki haiingii kitu. Jukwaa linahamisha deni hilo kwenye taarifa inayofuata. Sasa yule anayeandika pesa ikiingia benki tu, taarifa hiyo kwake haikuwahi kuwepo. Mauzo yake, makato yake, marejesho yake, yote yamerukwa. Ndiyo maana nasema: hesabu taarifa, usihesabu ujumbe wa benki. Zina namba za mfuatano au tarehe za kuanza na kuishia. Moja ikikosekana kati, kuna shimo.

Haya. Mpaka hapa tumelinganisha jumla. Jumla ikikaa sawa, je, tumemaliza?

Hapana, ndugu zangu. Jumla inakuhakikishia kwamba umeandika kila kilichomo kwenye taarifa. Haikuambii chochote kuhusu kisichomo. Mnakumbuka oda nne za dada yetu zilizokuwa njiani tarehe 14? Taarifa iliyofuata ilipokuja, ililingana vizuri tu. Salio safi. Lakini tulipotafuta zile oda nne kwa namba zake, tulizikuta tatu. Ya nne haikuwepo. Haikuwepo kwenye mauzo, haikuwepo kwenye marejesho, haikuwepo popote.

Tukaingia kwenye ukurasa wa oda. Hali yake ilisomeka kwamba mteja hakupatikana, mzigo unarudishwa kwa muuzaji. Tukaenda stoo. Haupo. Mzigo wa 1,500 ulikuwa umepotelea njiani, na hakuna namba hata moja kwenye malipo ingelia kuhusu hilo, kwa sababu hakuna aliyekatwa wala aliyelipwa. Alifungua madai kwa risiti ya kukabidhi mzigo kwa msafirishaji, na fidia ikaja baadaye. Na angalieni ilivyokuja: kwenye taarifa ya mwezi mwingine, mstari wa "fidia" wenye msimbo wa bidhaa lakini bila namba ya oda. Angekuwa hana orodha ya kusubiri, angeiona kama pesa ya ajabu na kuiandika mauzo. Fidia si mauzo. Inafuta ile hasara ya mzigo.

Majukwaa yana muda maalumu wa kupokea madai ya aina hii, na muda ukipita, basi. Kwa hiyo tafuteni oda zisizo na majibu kila taarifa inapotoka, si mwisho wa mwaka.

Tunazitafutaje? Kwa kulinganisha oda moja moja kwa namba yake. Weka orodha ya oda zako kwenye karatasi moja ya Excel, namba za oda zikiwa safu ya A. Bandika taarifa zote, mpya chini ya ya zamani, kwenye karatasi nyingine uiite `Taarifa`, namba ya oda ikiwa safu ya B na kiasi safu ya F. Kisha kila oda iulize: kwenye taarifa zote, jumla yako ni nini? Oda safi ya dada yetu inatakiwa ijibu 1,610, yaani 2,000 toa 240 toa 150. Iliyorudishwa itajibu hasi 198, kwa sababu 1,610 toa 2,000 ongeza 192 ndiyo hiyo. Inayojibu sifuri haijawahi kuonekana. Panga kuanzia jibu dogo kwenda kubwa, na zenye jibu la ajabu zinakaa zenyewe juu kabisa au chini kabisa.

Hivyo ndivyo tulivyokuta oda sita zinajibu 1,480 badala ya 1,610. Tofauti ni 130. Kumbe alikuwa amebadilisha boksi la kufungashia, jukwaa likapima upya likaona mzigo umevuka kundi la ukubwa, ada ikapanda kutoka 150 hadi 280. Boksi la bei rahisi lilimgharimu 130 kila oda.

Lakini kuna mtego kwenye Excel ambao umewahi kunila siku mbili, na siwezi kushuka hapa bila kuusema. Wengi mtauliza swali hilo kwa fomula ya `SUMIFS`. Namba za oda za majukwaa mengine ni tarakimu tupu, ndefu, kumi na sita au zaidi. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Ukifungua faili moja kwa moja, tarakimu za 16 na kuendelea zinageuka sifuri, na hazirudi. Kwa hiyo safu hiyo iingizwe kama maandishi tangu mwanzo. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba hata ukiwa umeiweka kama maandishi, `SUMIFS` inaigeuza kuwa namba wakati wa kulinganisha. Oda mbili zinazofanana tarakimu 15 za mwanzo itaziona ni moja, na itakupa jumla ya zote mbili bila kuonya. Tumia hii badala yake, inalinganisha maandishi kama yalivyo:

```
=SUMPRODUCT((Taarifa!B$2:B$5000=A2)*Taarifa!F$2:F$5000)
```

Au ongeza herufi mbele ya kila namba pande zote mbili, isisomeke tena kama namba.

Mwisho wa mwezi sasa, na nitakuwa mfupi. Taarifa za jukwaa hazijali mwezi wako unaisha lini. Tarehe 31 Machi dada yetu alikuwa na taarifa iliyofungwa tarehe 28, malipo yake 61,200 bado hayajafika benki. Pesa iliyozuiliwa ilikuwa 7,500. Na tarehe 29 hadi 31 kulikuwa na mauzo ambayo, baada ya makato, ni 11,480. Jumlisha: 80,180. Hilo ndilo deni la jukwaa kwake usiku wa tarehe 31, na salio la akaunti lazima lisome hivyo.

Lilisoma 80,330.

Tofauti 150. Mtunza hesabu wake akasema, "Ni ndogo, tuiandike gharama ndogondogo." Nikamkatalia. Tofauti ina sura yake, itazame usoni kwanza. 150 ni nini kwenye biashara hii? Ni ada ya usafirishaji ya oda moja. Tukaenda moja kwa moja kwenye ada za siku zile tatu, tukakuta oda moja imeandikwa bila ada yake. Dakika tano. Ingekuwa 240, ningetafuta kamisheni. Ingekuwa 300, ningeigawa kwa mbili na kutafuta 150 iliyoandikwa kwa alama iliyogeuzwa. Ingegawanyika kwa 9, kama 27, ningeshuku tarakimu zilizopishana, mtu ameandika 68,747 badala ya 68,774. Tofauti za senti kadhaa zinazotokana na kukata desimali za kamisheni ziandikie akaunti yake na uende mbele, ila iangalie isije ikakua.

Kuna swali nililoletewa kwenye karatasi: aliyeandika vibaya kwa miaka miwili aanzie wapi? Asianzie nyuma. Chagua mwisho wa mwezi mmoja wa karibuni. Ingia kwenye jukwaa, andika pesa iliyozuiliwa siku hiyo, malipo yaliyo njiani, na mauzo ambayo hayajafungiwa taarifa. Jumla yake ndiyo salio la kufungulia akaunti. Endelea mbele kwa njia hii miezi miwili, mkono uzoee. Ya nyuma mtayarekebisha baadaye na mkaguzi wenu, mkiwa mmeshajua taarifa inasomwaje.

Kompyuta yangu iko pale mezani, na mtandao upo. Aliyekuja na faili la taarifa yake, tulifungue pamoja baada ya mapumziko. Yule mwenye malipo hasi ya wiki iliyopita, niliyekusikia ukilalamika nyuma huko, anza wewe.